UZI: Notisi, kibali cha kazi na "niko tayari kuhama" vinakaa wapi kwenye CV?

#1 MhasibuNyegezi

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mhasibu, niko Mwanza, kwenye kiwanda cha kusindika samaki. Nataka kuomba kazi kwa wakandarasi wa migodini Geita na Kahama, na nikikosa huko nijaribu kampuni za Dar. Ninabishana na rafiki yangu kuhusu mambo mawili.

La kwanza ni notisi. Yeye anasema niandike juu kabisa, chini ya jina, kwamba notisi yangu ni mwezi mmoja. Mimi naona hilo ni la kuzungumza kwenye usaili. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Anasema nikiacha anwani ya Nyegezi, mtu wa Dar akiiona tu ananiweka pembeni, kwa hiyo nitumie anwani ya shemeji yangu aliyeko Tabata, na nikiomba Geita nitumie ya binamu yangu aliyeko Katoro. Kwamba "niko tayari kuhama" haisomwi na mtu.

Wenye uzoefu mnasemaje? Hasa nyie mnaokaa upande wa pili wa meza.

#2 SaaIshirininne

Mkuu, unajisumbua bure. Andika "naanza mara moja", basi. Ukipata kazi unaacha kwa saa 24, unamlipa mwajiri wako mshahara wa mwezi mmoja, kesho yake uko Geita. Hiyo ipo kisheria. Notisi ni ya waoga.

#3 BabaTwaha

Notisi ya kuhama lazima iwe ya maandishi, na mwenye nyumba hawezi kukutoa kama kodi yako haijaisha. Mimi wa kwangu alinipa wiki mbili nikamgomea, nikakaa mpaka kodi ikaisha.

#4 FundiWaSivii

#3 mzee wangu, soma tena kichwa cha uzi, hapa ni CV, si chumba na sebule 😂

Mleta uzi, mimi nina duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na chuo, na CV ndiyo zinazonilipia kodi. Ninavyoweka: mwishoni, kabla ya wadhamini, kisehemu kifupi chenye mistari mitatu. Notisi, utayari wa kuhama, na lugha unazozungumza. Juu naacha jina, simu, baruapepe na mji. Juu pakijaa maelezo, CV inaonekana kama fomu ya polisi.

Anwani ya shemeji wateja wangu wengi wanaitumia. Sijaona aliyedhurika.

#5 DadaUtumishi

Nimekaa rasilimali watu muda mrefu, kwanza Dar na sasa kwa mkandarasi wa migodini Kanda ya Ziwa. Niseme ninavyosoma mimi, siwasemei wengine.

Kwenye mchujo wa kwanza natazama jina, mji, kazi ya sasa na tangu lini. Notisi siitafuti. Inakuwa muhimu nikiwa na watu watatu mkononi na meneja anauliza nani anaingia lini. Hapo nafungua barua ya maombi au fomu, na kama haipo napiga simu. Kwa hiyo kwa nafasi ya kawaida ya mhasibu mimi nasema iende kwenye barua, aya ya mwisho, sentensi moja.

Ila kuna kazi ambazo mambo hugeuka. Kinu cha kusaga mawe kikisimamishwa kwa matengenezo, mkandarasi anatafuta mafundi wa kuchomelea, wafunga mitambo na watunza stoo wa kuanza ndani ya siku chache. CV isiyosema mtu yuko huru lini sina muda nayo. Hapo iwe juu, chini ya namba ya simu: "Niko huru kuanzia sasa, mkataba wa mwisho umekwisha." Ndiyo maana jibu la "juu au chini" haliwezi kuwa moja kwa watu wote.

Na wewe #2, ushauri wako unawaponza watu. Naiona mara kwa mara: mtu ameandika kazi ya sasa "2021 hadi sasa", halafu mwishoni "naanza mara moja". Najiuliza maswali mawili. Hana mkataba, au yuko radhi kumkimbia mwajiri wake? Kama atamkimbia yule, na mimi atanikimbia siku moja. Simtupi kwa hilo peke yake, lakini linaniganda kichwani hadi siku ya usaili.

#6 WakiliMdogo

Nyongeza juu ya #2, maana hii ya saa 24 inarudiwa sana na nusu yake tu ndiyo kweli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41. Ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, notisi si chini ya siku 7. Baada ya hapo, anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4, na anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ila lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. "Saa 24" haimo kwenye kifungu hicho. Kilichomo ni kwamba mwajiri anaweza kukulipa badala ya notisi, na wewe ukikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, anaweza kukata kiasi hicho kwenye fedha unazomdai unapoondoka. Yaani hutaenda jela, lakini stahiki zako za kuondoka zinaliwa. Na barua ya uzoefu kazini uliyotegemea itakuja kwa maringo.

Jambo la pili ambalo watu hulikosea: "nitatoa notisi nikiwa likizo, ziende pamoja." Kifungu hicho hicho kinakataza notisi kutolewa ndani ya likizo au kukimbia sambamba nayo. Wapo waajiri wanaokubali kienyeji. Ukipanga tarehe ya kuanza kazi mpya kwa hesabu hiyo, unacheza na bahati.

#7 SaaIshirininne

Wakili, mimi nilikuwa mtumishi wa umma na watu wameondoka kwa saa 24 nikiwaona kwa macho yangu. Kwa hiyo ipo.

#8 WakiliMdogo

Sijasema haijatokea. Utumishi wa umma una taratibu zake na masharti yake ya kulipia mshahara wa mwezi. Mleta uzi yuko kiwanda binafsi. Usimvalishe shati lisilo lake.

#9 MhasibuNyegezi

Shukrani wote. Dada wa #5, nikielewa vizuri, notisi iende kwenye barua. Niandike tarehe au siku? Maana nikiandika "naweza kuanza tarehe 1 Aprili" na wakaniita Mei, nitaonekana wa ajabu.

#10 DadaUtumishi

Siku, usiandike tarehe. CV inazunguka. Inatumwa leo, inasomwa baada ya wiki tano, inatolewa tena kwenye faili baada ya miezi sita. Tarehe inaoza, siku haziozi. Andika hivi: "Notisi: siku 28 tangu nikabidhi barua ya kuacha kazi." Tarehe kamili tunakubaliana ukishakuwa na barua ya ajira mkononi.

Na usihesabu tangu siku ya usaili. Chukua mfano. Usaili umefanyika katikati ya Februari 2025. Wadhamini wakapigiwa, vipimo vya afya vikafanyika, barua ya ajira ikatoka Alhamisi tarehe 27. Mtu mwenye busara hakabidhi barua ya kuacha kazi kabla hajasaini, kwa hiyo anaikabidhi Jumatatu tarehe 3 Machi. Siku 28 zinaishia Jumatatu tarehe 31. Kazi mpya inaanza Jumanne tarehe 1 Aprili, na hapo hajahama mkoa, hajafunga nyumba, hajatafutia mtoto shule. Mwajiri aliyesikia "siku 28" kwenye usaili alishajipangia kwamba katikati ya Machi uko mezani. Ndiyo maana nasisitiza hayo maneno "tangu nikabidhi barua". Yanapunguza ugomvi.

#11 FundiWaSivii

Hapo nimejifunza. Nilikuwa naandika "mwezi mmoja" tu kwa kila mteja. Hata hivyo bado nasema ikae kwenye CV, si kwenye barua. Barua nyingi hazifunguliwi. Mteja wangu mmoja alituma barua na CV, kwenye usaili wakawa na CV peke yake mezani, na barua hakuna aliyeiona.

#12 DadaUtumishi

Hilo kweli hutokea, hasa kampuni ikipokea kwa baruapepe na mtu mwingine ndiye anayechapa. Basi aweke kote kuwili, ila kwenye CV iwe chini kama unavyofanya. Kwa mhasibu anayeomba kazi Dar, juu kuwe na kitu kimoja tu: mji alipo na anakotaka kwenda.

#13 NyamongoNdiyoHome

Mmefika kwenye anwani, nami nina la kusema, maana mimi ndiye aliyedhurika ambaye #4 hajamwona.

Kwetu ni Mbeya. Niliona tangazo la mkandarasi mmoja wa mgodini Mara, wanasema wakazi wa maeneo ya karibu watapewa kipaumbele. Nikaweka anwani ya mama mdogo, Musoma. Nikapata kazi, sikatai, anwani ilinisaidia. Nilisafiri kutoka Mbeya kwa pesa yangu, nikahamisha familia baadaye kwa pesa yangu vilevile. Hakuna aliyeniuliza, kwa karatasi mimi nilikuwa mtu wa Musoma.

Mkataba wa mkandarasi na mgodi ulipokwisha tukapunguzwa. Wenzangu wa Iringa na Dodoma wakalipwa nauli zao, za familia na kusafirisha mizigo hadi kwao. Mimi nikapewa nauli ya Musoma. Nikapiga kelele. Ofisa akafungua faili, akanionyesha fomu ya taarifa za ajira: mahali alipoajiriwa, Musoma. Sahihi yangu chini. Kitanda, kabati, friji na watoto wawili hadi Mbeya, nauli yote juu yangu.

#14 WakiliMdogo

#13 umeleta jambo ambalo sikutegemea litajwe humu, na ndilo zito kuliko notisi.

Kifungu cha 43 cha sheria ile ile: ajira ikikoma mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na vitu vyake, au alipie usafiri, au ampe posho ya kumrudisha. Akichagua posho, haipaswi kupungua nauli ya basi hadi stendi iliyo karibu na mahali alipoajiriwa, na ampe fedha ya kujikimu kwa siku zilizo kati ya kukoma kwa ajira na kusafirishwa yeye na familia yake. Fedha hiyo ya kujikimu ndiyo watu hufika nayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa sababu mwajiri akichelewesha usafiri inaendelea kukua.

Sasa "mahali alipoajiriwa" panaandikwa wapi? Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za maandishi anapoanza kazi. Humo mna jina, umri, anwani ya kudumu, mahali alipoajiriwa, tarehe ya kuanza, kituo cha kazi na mengineyo. Na anayejaza fomu hiyo ananakili kutoka wapi? Dada wa #5 atatuambia.

#15 DadaUtumishi

Kutoka kwenye CV. Nasema ukweli. Karani ana mafaili arobaini mbele yake, anwani iliyo juu ya CV ndiyo anayojaza, kwenye anwani ya kudumu na kwenye mahali alipoajiriwa pia. Mfanyakazi anasaini siku ya kwanza, akiwa na furaha, katikati ya semina ya usalama na kugawiwa viatu.

#16 MhasibuNyegezi

Kwa hiyo nikiweka Tabata ili nipate kazi Dar, nimejifutia haki ya kurudishwa Mwanza?

#17 WakiliMdogo

Kufuta ni neno kubwa. Umejidhoofisha. Sheria inaeleza kuajiri kuwa ni kule mwajiri au wakala wake kumtafuta na kumshawishi mtu aje kazini. Kwa hiyo unaweza kubishana kwamba ulipigiwa simu ukiwa Mwanza, tiketi ya basi unayo, kiwanda chako cha zamani kiko Mwanza. Lakini unabishana dhidi ya karatasi uliyoiandika mwenyewe na nyingine uliyoisaini mwenyewe. Na swali la mwajiri litakuwa fupi: ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa?

#18 Kasulu_mwenye_nia

Samahani wakili, na mtu aliyeona tangazo mtandaoni, akatuma maombi akiwa Kasulu, usaili ukafanyika Dar kwa nauli yake, mkataba ukasainiwa Dar? Huyo ameajiriwa wapi? Maana ndiyo mimi. Kwangu wameandika Dar na anwani yangu ilikuwa ya Kasulu, ya kweli kabisa.

#19 WakiliMdogo

Hapo wanasheria wenyewe tunavutana. Wapo wanaosema pale mkataba uliposainiwa. Wapo wanaosema pale ulipokuwa ulipotafutwa, na kwa tangazo la mtandaoni hilo ni gumu kulishika. Ushauri wangu ni wa kabla ya ugomvi: ukiona fomu imeandikwa tofauti na ulikotoka, usisaini kwanza. Omba irekebishwe siku hiyo hiyo, na ubaki na nakala. Wengi hurekebisha bila neno, kwa kuwa siku hiyo haina gharama.

#20 FundiWaSivii

Wakili, unamtisha mtu asiye na kazi kwa nauli ya basi. Bila anwani ya karibu hapati hata usaili. Kati ya nauli ya kurudi siku moja huko mbele na mshahara wa miaka mitatu, mimi nachukua mshahara. #13 mwenyewe amekiri anwani ilimsaidia.

#21 NyamongoNdiyoHome

Ilinisaidia, ndiyo. Lakini kama ningejua ningeandika Mbeya na mstari wa kuhama ulio wazi. Mwenzangu wa Iringa alifanya hivyo na akaajiriwa mwezi ule ule.

#22 DadaUtumishi

#20, hofu yenu naielewa, ila mnakosea kinachomfanya mtu wa mbali aachwe. Mimi siogopi Mwanza. Ninachoogopa ni mtu atakayekubali kazi, aone kodi za Dar, aniambie wiki ya pili mke amekataa kuhama. "Niko tayari kuhamia mkoa wowote Tanzania" hainitoi hofu hiyo, kwa sababu kila mtu anaiandika, na asiyejua Kahama iko wapi naye anaiandika.

Mstari unaonisadikisha una mahali palipotajwa na jinsi mtu atakavyofika. Kwa mleta uzi ningeandika hivi, chini ya jina, badala ya anwani ndefu ya sanduku la posta:

"Nyegezi, Mwanza. Nahamia Geita au Kahama nikipata kazi. Nina ndugu wa kunipokea Katoro."

Na CV ya Dar iwe nyingine:

"Nyegezi, Mwanza. Nahamia Dar es Salaam nikipata kazi. Nina pa kufikia Tabata."

Umeona? Shemeji na binamu wametumika, na hakuna uongo. Mahali ulipo ni Mwanza kwa maandishi. Karani akinakili, ananakili Mwanza. Binafsi ningempigia huyo kabla ya yule wa "mkoa wowote".

#23 MhasibuNyegezi

Hii nimeipenda mno. Ila je, nikisema nina pa kufikia si wataninyima posho ya kujikimu mwanzoni?

#24 DadaUtumishi

Wapo watakaojaribu. Kampuni yenye utaratibu inatoa kwa kiwango chake bila kuangalia una ndugu au huna. Isiyo na utaratibu haitoi hata ukiandika utalala stendi. Usiandike "kwa gharama zangu" tu. Hayo maneno usiyaweke kwenye karatasi, yatatumika.

#25 FundiWaSivii

Mimi nayaandika kwa wateja na yanawapatia kazi. Tutofautiane hapo dada.

#26 MkenyaWaMikocheni

Hamjambo wenzangu. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi Dar, na kile kichwa cha uzi kimetaja kibali lakini mmekipita. Niko na kibali cha kazi. Nataka kubadilisha kampuni. Kwenye CV nimeandika juu "Nina kibali cha kazi Tanzania". Naitwa kwenye usaili, wanafurahi, nikieleza hali ilivyo wanapoa. Nimekosea wapi?

#27 SaaIshirininne

Mkenya hahitaji kibali, tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki. Soko la Pamoja tangu 2010.

#28 DadaUtumishi

#27, anahitaji. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010 na inaruhusu wafanyakazi kuvuka, lakini kila nchi iliorodhesha fani ilizofungua, na kibali bado kinaombwa. Usimwambie mtu aende kazini bila karatasi, faini na kufukuzwa ni vya kwake na vya mwajiri.

#26 ndugu, sentensi yako ndiyo yenye tatizo. Kibali chako kimetolewa kwa mwajiri fulani na kwa nafasi fulani. Ukihama, hakikufuati. Mwajiri mpya anaomba kingine kwa Kamishna wa Kazi, anaeleza kwa nini Mtanzania hakupatikana, anaweka mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayekurithi, halafu kuna kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Aliyesoma "nina kibali" alidhani amekwepa yote hayo. Ukimweleza kwenye usaili anahisi amefichwa, hata kama hukukusudia.

Iwe juu, hapo sina shaka, kwa sababu ni jambo linaloweza kusimamisha ajira. Lakini iseme yote: "Raia wa Kenya. Kibali cha kazi daraja C kwa mwajiri wa sasa, hadi" mwezi na mwaka, "mwajiri mpya ataomba kipya." Utaitwa mara chache zaidi. Watakaokuita ni wale walio tayari kuomba.

#29 MkenyaWaMikocheni

Utaitwa mara chache zaidi... hiyo ndiyo inauma. Afadhali niingie mlangoni kwanza, nijieleze nikiwa ndani. Lakini nimekusikia, asante.

#30 PwaniMchangani

Msisahau, hayo yote ya #6 na #28 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar kuna sheria yake ya ajira, ya 2005, na Kamishna wake. Kibali cha Bara hakikuruhusu kufanya kazi hoteli ya Nungwi. Huku mahotelini nimeona CV za wageni zimeandikwa "kibali cha Tanzania" na mtu anashangaa anaambiwa aanze upya. Na nyie wa Bara mkiandika "niko tayari kuhamia mkoa wowote" msidhani kwa hotelini huku mmejibu kitu. Andikeni Unguja au Pemba, muone tofauti.

#31 DeiraUsiku

Nipo Dubai. Huku hali ya viza inakaa juu na hakuna mjadala, mwajiri anaitafuta kabla ya jina lako. Mtu anaandika "viza ya matembezi" na tarehe ya kuisha, au "viza ya ajira" na notisi. Hapo tarehe ni lazima #10, kwa sababu viza ikiisha umekwisha. Notisi kwa sheria ya kazi iliyoanza Februari 2022 ni siku 30 hadi 90 kulingana na mkataba, kwa hiyo ukiiacha wazi wanadhani ni ile ndefu. Na aliye kwenye majaribio akitaka kuhamia mwajiri mwingine humu humu anatoa notisi ya mwezi.

Onyo kwa wanaokuja: viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, hata ukiiandika vizuri namna gani.

#32 BabaTwaha

Nimerudi. Je kwa zile za serikali, za Sekretarieti ya Ajira? Mwanangu anaomba huko.

#33 DadaUtumishi

Karibu tena mzee. Kwa Ajira Portal ajaze sehemu zilizopo na afuate tangazo: maelezo binafsi yenye anwani na simu inayofanya kazi, na wadhamini watatu. Mtumishi wa umma apitishe barua kwa mwajiri wake, kwa hiyo kwake siri ya notisi haipo. Mstari wa kuhama hauna kazi, kituo unapangiwa.

#34 MhasibuNyegezi

Wakuu, nimefungua mkataba wangu usiku huu na nimechanganyikiwa. Ni wa miaka miwili, unaisha 31 Agosti 2026. Kifungu kimoja kinasema hivyo. Kingine kinasema upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Niandike kipi kwenye CV?

#35 WakiliMdogo

Ndiyo maana huwa nasema fungua mkataba kabla ya kuandika notisi. Mkataba wa muda maalumu una kanuni yake. Kwa Kanuni za Utendaji Bora za 2007, mfanyakazi anauacha kabla ya muda ikiwa mwajiri amevunja masharti ya msingi, au wakikubaliana. Lakini wenu umeweka kifungu cha notisi, na mtu anaweza kusema makubaliano ni hayo tayari.

#36 MwanaTUICO

Wakili, usimtie hofu. Kifungu cha notisi kimeandikwa, kimesainiwa na pande zote, kinatumika. Nimesimamia wanachama walioondoka hivyo na hakuna aliyeshtakiwa.

#37 WakiliMdogo

Kutoshtakiwa ni kwa sababu mwajiri hakutaka kusumbuka. Mwajiri akitaka, hoja ya kubishania anayo. Mleta uzi, mimi ningeandika vyote viwili bila kuvitetea: "Mkataba wa sasa unaisha 31 Agosti 2026, una kifungu cha notisi ya mwezi mmoja."

#38 DadaUtumishi

Mimi nikiusoma huo mstari wa #37 nitauliza maswali mengi kuliko ninavyohitaji. Kwenye CV aandike notisi ya mwezi mmoja, tarehe ya kuisha aiseme kwenye usaili. Isipokuwa akiomba kazi mwezi wa Juni au Julai 2026. Hapo tarehe ndiyo yenye nguvu, notisi haina maana tena.

#39 MwanaTUICO

Hapo niko na dada. Na azungumze na meneja wake kabla, kiwanda cha samaki kikikosa samaki huwa kinafurahi mtu akiondoka mwenyewe 😀

#40 MhasibuNyegezi

Meneja wangu huyu? Hapana. Ngoja kwanza nipeleke CV ya Geita na mstari wa Katoro. Dada, ukipokea ya mtu wa Nyegezi, ndiyo mimi.

#41 Kasulu_mwenye_nia

Wakili, nimeenda kuulizia ile fomu yangu. Wanasema kubadilisha Dar kuwa Kasulu lazima meneja mkuu asaini, na yuko safari. Niwaandikie barua nibaki na nakala, au nisubiri arudi?

#42 WakiliMdogo

Andika leo, kwa baruapepe ya kazini, na ambatisha CV uliyoombea kazi ikiwa bado unayo.